Sururun marfu'a: namna ya kutafsiri wingi wa vitu kutoka Kiarabu bila kupoteza idadi

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa waraka wa Kiarabu hapa Ujiji, nikaombwa niutafsiri kwa ajili ya watu wa msikiti mmoja waliokuwa wakisubiri mzigo. Sentensi iliyonikosesha ilikuwa fupi: «wasalati s-sanadiqu l-jadidatu, wa hiya fi l-makhzan». Nikaandika kwa haraka kwamba sanduku jipya limefika, nalo liko ghalani. Wakamtuma kijana mmoja na baiskeli yake hadi bandarini Kigoma. Alikuta masanduku saba.

Kosa lile halikutokana na uchache wa msamiati, kwa sababu neno sanduku lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Lilitokana na kuziamini dalili tatu ambazo zote zilikuwa zikinielekeza kwenye kitu kimoja. Kitenzi «wasalat» ni cha umoja wa kike, sifa «jadida» ni ya umoja wa kike, na kiwakilishi «hiya» ni cha umoja wa kike. Neno moja tu katika sentensi ndilo lililobeba idadi, nalo ni «sanadiq», ambalo ni wingi wa «sunduq». Katika mwongozo huu ninaeleza hatua ninazofuata tangu siku ile, na ninazowafundisha vijana wanaoanza kutafsiri, ili neno hilo moja lisizidiwe nguvu na yale matatu yanayolizunguka.

Kanuni yenyewe

Wanasarufi wa Kiarabu hugawa nomino katika zile za wenye akili, yaani binadamu na walio katika hukumu yao kama malaika na majini, na zile za wasio na akili, yaani vitu, wanyama, mahali, nyakati na mawazo. Nomino ya binadamu ikiwa katika wingi, sifa yake nayo huwa katika wingi: «rijalun kibarun» ni wanaume wakubwa, na «mu'allimuna jududun» ni walimu wapya. Nomino ya kisicho na akili ikiwa katika wingi, Kiarabu hulichukua lile kundi zima kama kitu kimoja cha kike, na sifa yake hupewa umbo la umoja wa kike: «kutubun jadidatun» ni vitabu vipya, ingawa «kitab» katika umoja ni neno la kiume na kitabu kimoja kipya ni «kitabun jadidun». Msomaji akitua mwisho wa neno, ile «-tun» hudondoka na kubaki «jadida», ndiyo maana katika mfululizo wa aya tunasikia mlio wa «a» tu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba umbo hilo la sifa halisemi lolote kuhusu idadi. Linaweza kuambatana na kitu kimoja cha kike, na linaweza kuambatana na vitu elfu. Mwanafunzi anayejiambia kwamba «sifa iko katika umoja, basi kitu ni kimoja» anaiuliza sifa swali ambalo haina jibu lake. Tena nimeona kwamba mwanafunzi huyohuyo, akishaijua kanuni hii, hupata ugonjwa wa pili ulio kinyume cha ule wa kwanza: kila akiona sifa yenye «-a» mwishoni huandika wingi, na kitu kilichokuwa kimoja akakizidisha. Dawa ya magonjwa yote mawili ni moja, na nitaionyesha kwa kutumia sura ambayo karibu kila aliyepita madrasa anaijua kwa moyo.

Hatua ya kwanza: ifunike sifa, uitazame nomino peke yake

Sura ya 88, al-Ghashiya, husomwa mara nyingi katika sala za Ijumaa na Idi, nayo ina fungu la aya fupi zinazofuatana zenye nomino na sifa. Aya ya 10 ina «jannatin aliya», ya 12 «ainun jariya», ya 13 «sururun marfu'a», ya 14 «akwabun maudu'a», ya 15 «namariqu masfufa», na ya 16 «zarabiyyu mabthutha». Ukiyasikiliza masikio yako, sifa zote sita zina mwisho uleule, na mtu angeweza kudhani kwamba nomino zake nazo zina idadi moja.

Sasa ifunike sifa kwa kidole na ubaki na nomino. «Janna» ni umoja wa kike, na wingi wake ungekuwa «jannaat» wenye alifu ndefu. «Ain», chemchemi, ni umoja, nalo ni neno la kike kwa mazoea ya Waarabu ingawa halina alama ya kike mwishoni. «Surur» ni wingi wa «sarir», kitanda. «Akwab» ni wingi wa «kub», chombo cha kunywea kisicho na mkono. «Namariq» ni wingi wa «numruqa», mto wa kuegemea, na «zarabiyy» ni wingi wa «zirbiyya», zulia. Kwa hiyo sifa mbili za kwanza ziko katika umoja kwa sababu vitu vyake ni kimoja kimoja, na nne zilizobaki ziko katika umoja kwa sababu vitu vyake ni vingi visivyo na akili. Sura moja, sauti moja, na sababu mbili tofauti.

Utajuaje kwamba neno ni la wingi? Kwa wingi unaoitwa taksiri, yaani ule unaovunja umbo la umoja, hakuna njia ya mkato: kila nomino ijifunzwe pamoja na wingi wake, «kitab, kutub», «bait, buyut», «qalam, aqlam», «sunduq, sanadiq». Hata hivyo mizani michache hujirudia sana hivi kwamba sikio huizoea. Neno lenye umbo la «aqlam» na «akwab», linaloanza kwa «a» na kuwa na alifu ndefu kabla ya herufi ya mwisho, mara nyingi ni wingi. Neno lenye umbo la «sanadiq» au «madaris», lenye alifu ndefu katikati na mlio wa «i» baada yake, ni wingi karibu kila mara. Umbo la «buyut» na «wujuh» linahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu masdari nyingi, kama «dukhul» ambayo maana yake ni kuingia, zina umbo hilohilo na si wingi wa chochote. Ukiwa na shaka, ondoa herufi za ziada, pata mzizi, ambao mara nyingi una herufi tatu, kisha uutafute katika kamusi, ambako wingi huandikwa kando ya umoja wake.

Kuna pia wingi usiovunjika, ule wa «-aat». «Sayyaratun jadidatun» ni gari moja jipya, na «sayyaraatun jadidatun» ni magari mapya. Tofauti nzima imo katika urefu wa irabu moja, na anayetafsiri kwa kusikia hotuba badala ya kusoma maandishi aitegee sikio.

Hatua ya pili: chagua nomino ya Kiswahili, kisha uisahau sifa ya Kiarabu

Hapa ndipo watu wengi huteleza hata baada ya kuitambua nomino ya wingi. Wanaandika nomino kwa wingi, halafu macho yanarudi kwenye «marfu'a», mkono unaandika umoja, na matokeo yake ni «vitanda kilichoinuliwa». Kosa la namna hii angalau hujitangaza lenyewe, maana hakuna Mswahili atakayelisoma asikunje uso. Ili kuliepuka, chukua kutoka katika sifa ya Kiarabu maana tu, yaani kuinuliwa, na upatanisho uuchukue kutoka katika ngeli ya nomino uliyoichagua.

Tukizifanyia hivyo aya zetu nne tutapata vitanda vilivyoinuliwa, bilauri zilizowekwa tayari, mito iliyopangwa safu safu, na mazulia yaliyotandazwa. Tazama jinsi mwisho mmoja wa Kiarabu ulivyogawanyika: «vi», «zi», «i», na «ya». Kiarabu kinazipanga nomino zote nne katika mlango mmoja wa kike, na Kiswahili kinazirudisha kila moja kwa ngeli yake. Anayetafuta kiambishi kimoja cha Kiswahili cha kusimama mahali pa ile «-a» hatakipata.

Zingatia pia kwamba sifa yenyewe wakati mwingine hukusaidia kwa maana yake hata kama haikusaidii kwa umbo. «Masfufa» inatokana na mzizi uleule uliotupa neno safu. Mto mmoja hauwezi kupangwa safu. Mwanafunzi aliyeandika «mto uliopangwa safu» angeweza kugundua kosa lake bila kufungua kamusi, kwa kujiuliza tu kama jambo hilo linawezekana.

Ngeli inayoficha kosa

Hapa ninaomba msomaji akae nami kidogo, kwa sababu makosa yanayovuka mikono ya wahariri na kufika kwa wasomaji ni ya aina hii. Ukisema kitanda na vitanda, umoja na wingi vinaonekana. Lakini nomino za ngeli ya I na ZI, kama bilauri, nyumba, kalamu, siku, barua na shule, hazibadiliki. Mbaya zaidi, sifa nyingi zinazofuata nomino hizo nazo hazibadiliki: nyumba moja ni mpya, na nyumba kumi ni mpya. Kwa hiyo «al-buyutu l-jadidatu» ukiitafsiri «nyumba mpya» hujakosea, lakini msomaji wako hajui ni ngapi, na ukiendelea na «imejengwa» katika sentensi inayofuata, umeshazipunguza zikawa moja bila mtu yeyote kushtuka.

Katika ngeli hii idadi hukaa mahali pachache tu: katika kiambishi cha kitenzi, «imejengwa» au «zimejengwa», katika kionyeshi, «hii» au «hizi», katika kimilikishi, «yangu» au «zangu», na katika kiunganishi cha «-a», «ya» au «za». Mtafsiri mwangalifu huhakikisha kwamba angalau kimojawapo kimeingia mapema katika sentensi. Kwa mfano «madarisu qadimatun» nikiitafsiri «shule kongwe» sijasema idadi, lakini nikiandika «shule za zamani» nimeisema bila kuongeza neno lisilokuwamo katika asili. Vivyo hivyo, badala ya «bilauri tayari» ninaandika «bilauri zilizowekwa tayari», na ile «zi» inafanya kazi ambayo nomino imeshindwa kuifanya. Sipendi dawa ya kupachika «kadhaa» au «mbalimbali» kila mahali ili kuonyesha wingi, kwa kuwa maneno hayo yana maana yake, na mwandishi wa Kiarabu hakuyasema.

Wanyama wana hatari iliyo jamaa ya hii. Kwa Kiarabu mnyama hana akili, kwa hiyo «al-asmaku l-mujaffafatu», samaki waliokaushwa, ina sifa ya umoja wa kike sawasawa na vitabu. Kwa Kiswahili mnyama huingia katika upatanisho wa A na WA kama binadamu, huku majina yake mengi hayabadiliki kwa wingi. Samaki aliyekaushwa ni mmoja; samaki waliokaushwa ni wengi. Pale sokoni utasikia watu wakisema dagaa kavu, na hakuna wa kuwalaumu kwa mazungumzo yao, lakini katika tafsiri iliyoandikwa «dagaa wakavu» inaibeba idadi na «dagaa kavu» haiibebi.

Hatua ya tatu: fuatilia kila «ha» hadi kwa mwenyewe

Kiwakilishi «ha» kinachobandikwa mwishoni mwa nomino au kitenzi hufuata kanuni ileile. «Qara'tuha» inaweza kuwa nimeisoma, ikiwa ni barua moja, au nimevisoma, ikiwa ni vitabu. Kabla ya kuandika kiambishi cha mtendwa, chora mstari kwa penseli kutoka kwenye «ha» hadi kwenye nomino inayorejelewa, kisha uipime nomino hiyo kwa hatua ya kwanza.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinafanya jambo linalokaribiana sana na la Kiarabu. «Al-ashjaru wa thimaruha» kwa Kiswahili fasaha ni miti na matunda yake. Miti ni mingi, lakini hatusemi «matunda yao», kwa kuwa kimilikishi «-ao» tumekiweka kwa watu, na vitu, hata vikiwa vingi, tumezoea kuvipa «-ake». Kwa hiyo asije mtu aliyeonywa kuhusu wingi akaanza kurekebisha «yake» kuwa «yao» kila mahali akidhani anaokoa idadi. Idadi ya miti imeshaokolewa na neno miti. Ila ukikutana na «al-madarisu wa abwabuha», shule na milango yake, Kiarabu kinaonyesha wingi kwa «madaris» peke yake, na Kiswahili hakionyeshi popote: shule haibadiliki, na «yake» inaendana na milango. Hapo hakuna budi kuingiza kionyeshi au «za» mapema, kwa mfano shule zile na milango yake.

Sifa inapofuata nomino mbili

Katika muundo wa idhafa, yaani nomino iliyotegemezwa kwa nyingine, sifa ya nomino yoyote kati ya hizo mbili huja mwishoni. «Abwabu l-buyuti l-jadida» inaweza kuwa milango mipya ya nyumba, au milango ya nyumba mpya. Milango ni wingi usio na akili, nyumba nazo ni wingi usio na akili, hivyo sifa ya kila upande ingekuwa «jadida». Irabu ya mwisho ndiyo inayoamua: «al-jadidatu» inafuata «abwabu», na «al-jadidati» inafuata «al-buyuti». Katika gazeti au waraka wa kawaida irabu hizo haziandikwi, na huna hakimu ila muktadha. Linganisha na «babu l-buyuti l-jadid», ambapo sifa ya kiume inaonyesha mara moja kwamba kipya ni mlango, kwa sababu «buyut» isingekubali sifa ya kiume.

Mahali ambapo kanuni haifiki

Vitu viwili vina umbo lao. Katika Suratu r-Rahman, aya ya 50, tunasoma «ainani tajriyan», na kitenzi kiko katika umbo la wawili, tofauti kabisa na «ainun jariya» ya al-Ghashiya. Kiswahili hakina umbo la wawili, kwa hiyo neno mbili ni lazima liandikwe: chemchemi mbili zinazotiririka. Ukiliacha, umetafsiri wingi usio na hesabu.

Idadi kuanzia 11 hadi 99 inageuza mtego upande wa pili. «Ishruna kitaban jadidan» ina nomino ya umoja na sifa ya umoja wa kiume, na maana yake ni vitabu vipya 20. Hapa namba ndiyo inayobeba wingi.

Kisha Kiarabu cha zamani kina nafasi pana kuliko tunayofundishwa katika vitabu vya mwanzo. Sura ya 2, aya ya 80, ina «ayyaman ma'duda» kwa umoja wa kike, na sura ya 3, aya ya 24, ina «ayyaman ma'dudaat» kwa wingi wa kike, katika kauli inayokaribiana sana. Zote mbili ni siku zinazohesabika. Asije mtu akaitafsiri ya kwanza «siku inayohesabika» na ya pili «siku zinazohesabika»; neno siku lingemfichia kosa lake vizuri mno.

Jaribio kabla ya kuandika safi

Rudi katika al-Ghashiya, aya za 17 hadi 20, ambako vitenzi vinne vinafuatana: «khuliqat», «rufi'at», «nusibat» na «sutihat». Vyote ni vya umoja wa kike. Watenda, au tuseme wanaotendwa, ni «ibil», «sama'», «jibal» na «ardh». Funika vitenzi na upime nomino. «Sama'» ni mbingu moja na «ardh» ni ardhi moja, zote za kike kwa mazoea, kwa hiyo ni mbingu jinsi ilivyoinuliwa na ardhi jinsi ilivyotandazwa. «Jibal» ni wingi wa «jabal», kwa hiyo ni milima jinsi ilivyosimamishwa. Na angalia kwamba «i» ya milima ni ya wingi, ilhali «i» ya mbingu na ardhi ni ya umoja, ingawa herufi ni moja.

Kinabaki «ibil», nalo ndilo ninalolitumia kuwapima wanafunzi. Si wingi wa taksiri, kwa sababu halina umoja kutoka katika mzizi wake. Ngamia mmoja dume huitwa «jamal» na jike «naqa». Ni jina la kundi, na Waarabu hulipa hukumu ya kike. Anayeandika ngamia jinsi walivyoumbwa amelifuata kundi. Anayeandika ngamia jinsi alivyoumbwa ameichukua jinsi ya mnyama kwa ujumla, kama tunavyosema simba ni mkali bila kumkusudia simba mmoja. Mimi huandika walivyoumbwa, lakini simkatii mwanafunzi alama aliyeandika alivyoumbwa, mradi anieleze kwamba aliipima «ibil» na hakuifuata tu «khuliqat».

Baada ya hapo ninaifunika asili yote, ninabaki na Kiswahili changu, na kwa kila nomino ninauliza swali moja: ngapi? Pale ambapo Kiswahili hakinijibu, ninarudi kwenye ngeli na kuingiza kiambishi kinachokosekana. Pale kinaponijibu, ninaifunua nomino ya Kiarabu, na hiyo peke yake, nione kama jibu ni lilelile. Waraka wa ukurasa mmoja hunichukua kama dakika kumi kuupitisha katika swali hilo, na ule wa masanduku ungechukua chini ya hapo.